Pampu Ikifa, Nani Analipa?

Wasomaji wa maandiko ya utafiti wanaifahamu aya hii hata kabla ya kuisoma. Inaanza kwa kusema maji ni uhai. Inaendelea kuwa Serikali na wadau wa maendeleo wamewekeza fedha nyingi katika miradi ya maji vijijini, lakini wananchi wengi bado wanakabiliwa na changamoto ya upatikanaji wa maji safi na salama. Kisha inafunga: kwa hiyo utafiti huu unakusudia kuchunguza changamoto za utekelezaji wa miradi ya maji katika wilaya fulani. Badilisha jina la wilaya, umepata andiko jipya.

Aya hiyo haina uongo hata kidogo, na ugonjwa wake uko hapohapo. Hakuna sentensi ndani yake ambayo mtu anaweza kwenda kijijini akarudi na kusema, "Nimeangalia, sivyo." Mtafiti akienda kuchunguza changamoto atazikuta, maana changamoto hazijawahi kukosekana popote. Atazipanga kwenye jedwali, atapendekeza elimu itolewe kwa jamii, na atahitimu.

Ningeliacha hilo kama suala la vyuo tu, lakini miradi yenyewe imeandikwa kwa mtindo huohuo. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka kwake. Tatizo lilitamkwa kama ukosefu wa vituo vya maji, na dawa ya ukosefu ni kujenga. Vikajengwa kweli. Sera ya Taifa ya Maji ilipotoka mwaka 2002 ilikiri kuwa karibu nusu tu ya wananchi wa vijijini walikuwa na huduma ya uhakika, na kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi ya maji vijijini haikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Mita 400 zilibaki palepale kama kipimo, pamoja na lita 25 kwa mtu kwa siku na watu 250 kwa kituo kimoja.

Kwa hiyo hapakuwa na tatizo moja. Palikuwa na mahali ambapo kituo hakijawahi kufika, na mahali ambapo kilifika kikafa. Hayo mawili yana sababu tofauti na yanadai fedha za aina tofauti, lakini neno "ukosefu" huyafunika yote. Anayeandika "tatizo ni ukosefu wa visima" ameshachagua jibu kabla ya kuuliza, maana ukosefu wa kitu ni jibu lake lililogeuzwa kichwa chini.

Tuchukulie mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetaka kuandika kuhusu pampu za mkono katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Eneo hilo linafaa. Kati ya 1985 na 2002 mikoa ya Kagera, Mara na Mwanza ilikuwa na mpango wa Hesawa uliofadhiliwa na Sweden, na visima vya pampu ya mkono vilikuwa sehemu kubwa ya kazi yake. Pampu ni kitu chepesi kukitazama: inatoa maji au haitoi. Anachohitaji ni kulitamka tatizo kwa ushahidi, na kulimaliza kwa swali ambalo jibu lake linaweza kuwa ndiyo au hapana.

Kazi ya kwanza ni kupata tarakimu moja ya kuaminika, na hapa wengi huteleza bila kujua. Atakuta andiko linalosema theluthi moja ya visima Tanzania havifanyi kazi. Andiko hilo linataja andiko jingine, ambalo nalo linataja jingine. Akifuata mkondo hadi kwenye chemchemi anaweza kufika kwenye makadirio ya mwaka 2009 ya RWSN, mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, yaliyosema asilimia 36 ya pampu za mkono katika nchi za Afrika zilizotazamwa hazikuwa zikifanya kazi. Hiyo ni Afrika, si Tanzania, na ni pampu za mkono, si visima vyote. Au atafika kwenye ile sera ya 2002, ambayo ilihesabu miradi, na mradi mmoja unaweza kuwa na vituo vingi. Tena ilisema haifanyi kazi ipasavyo, maana yake mingine ilikuwa ikitoa maji kwa kusuasua. Waliomnukuu mnukuu waliliacha neno "ipasavyo" njiani.

Akiendelea atakutana na takwimu za Wizara ya Maji za kuorodhesha vituo vya kuchotea maji nchi nzima. Sehemu ya takwimu hizo, iliyokusanywa zaidi kati ya 2011 na 2013, iliwekwa wazi ili wachambuzi wa takwimu washindane kuitumia, na yeyote anaweza kuipakua. Ina vituo 59,400. Kati yake 22,824 havikuwa vikifanya kazi siku vilipotembelewa, yaani asilimia 38 na ushei, na vingine 4,317 vilifanya kazi lakini vilihitaji matengenezo. Kisha kuna utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2019, ulioongozwa na George Joseph, ambao nao ulichambua vituo vya Tanzania na kupata karibu asilimia 29 visivyofanya kazi.

Je, aandike 29, 36 au 38? Jibu la mkato ni kuandika "kati ya asilimia 29 na 38", na hapo atakuwa amechanganya hesabu ambazo hazikuhesabu kitu kimoja. Namba hizo zinatofautiana kwa mwaka, kwa vituo vilivyoingizwa, na kwa kinachoitwa kufanya kazi. Mwandishi makini anachagua moja, anaeleza ilihesabu nini na lini, na anaziacha nyingine. Mimi ningechagua ya Benki ya Dunia, kwa sababu haikuishia kuhesabu. Ilionyesha kwamba kati ya vituo vilivyokufa, kimoja katika kila vitano kilikufa ndani ya mwaka wake wa kwanza. Vifo vya mwaka wa kwanza vilihusiana zaidi na hali ya ardhi na maji yaliyo chini yake, mambo ambayo kamati ya kijiji haina uwezo nayo. Baada ya mwaka huo, aina ya uongozi wa kituo na aina ya pampu vilikuwa na uzito mkubwa zaidi.

Matokeo hayo yanampunguzia mwanafunzi nusu ya kazi. Kisima kilichochimbwa mahali pakavu hakitafufuliwa na michango, kwa hiyo pampu zilizokufa mapema asizichanganye na zile zilizofanya kazi miaka kumi ndipo zikasimama. Swali lake lihusu pampu zilizovuka mwaka wa kwanza, na lihusu uongozi.

Katika uongozi, jambo linalotajwa kuliko yote ni fedha. Tim Foster alichambua mwaka 2013 pampu za mkono za Liberia, Sierra Leone na Uganda zinazosimamiwa na jamii. Katika nchi zote tatu pampu iliyokuwa na umri mkubwa, iliyokuwa mbali na makao makuu ya wilaya, au ambayo watumiaji wake hawakuwa wakilipa, ilikuwa katika hatari zaidi ya kukutwa imekufa. Takwimu za Tanzania zinaelekea hukohuko. Katika vile vituo 59,400, vilivyoandikwa kuwa watumiaji hawalipi kabisa vilikuwa zaidi ya 25,000, na ni takriban asilimia 45 tu vilivyokuwa vikifanya kazi. Vile vya kulipia kwa ndoo vilifika takriban asilimia 68.

Hapa mwanafunzi anaona ameshapata tatizo lake. Anaandika: kutolipia maji kunaua pampu, kwa hiyo utafiti utapima athari ya malipo kwa uhai wa pampu. Tamko lina tarakimu, lina marejeo, limenyooka, na msimamizi mwenye haraka atalipitisha.

Mzee mmoja aliyekuwa mtunza pampu aliwahi kunijibu swali la namna hiyo tukiwa tumesimama kando ya pampu ambayo mpini wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani. Nilimuuliza kama wananchi wanalipia maji. "Hawalipi," akasema. Nikamuuliza kama ndiyo sababu pampu imeharibika. Akanitazama kama mtu anayemvumilia mgeni. "Mwanangu, pampu ikifa nani atalipia nini? Ilipokuwa nzima walikuwa wanatoa."

Jibu lake linapasua tamko zima. Mhesabuji akifika kijijini siku moja, akakuta pampu imesimama na watu hawalipi, ataandika mambo mawili kwenye fomu moja: haifanyi kazi, hawalipi. Fomu haimwambii kipi kilitangulia. Inawezekana watu waliacha kulipa, vipuri vikakosekana, pampu ikafa. Inawezekana pia pampu ilikufa kwanza, na kwa kuwa hakuna maji hakuna cha kulipia. Katika jedwali la takwimu hadithi hizo mbili zinafanana. Asilimia 45 dhidi ya 68 inaweza kutokana na hadithi ya kwanza, ya pili, au mchanganyiko wake, na kuongeza idadi ya vituo hakusaidii. Ukihesabu vituo laki moja kwa namna ileile, utapata utata uleule kwa uhakika zaidi.

Pengo la utafiti ni hilo. Maandiko mengi hutaja pengo kwa kusema "hakuna utafiti uliofanyika katika wilaya hii." Hilo ni pengo la ramani. Wilaya ambayo haijafanyiwa utafiti si tatizo mpaka uonyeshe kwa nini jibu lililopatikana kwingine lisingefaa hapo. Pengo lenye nguvu linasema: tunajua malipo na uzima wa pampu vinakwenda pamoja, hatujui kipi kinavuta kingine, kwa sababu takwimu zinazotumika zilichukuliwa siku moja. Mtu akilisoma anaona mara moja ni utafiti gani ungeliziba: uanze na pampu zilizo nzima, uzifuate, na uone ipi inasimama.

Kuna ugumu wa pili uliojificha katika siku hiyo moja. Fikiria pampu mbili. Ya kwanza huharibika kila mwezi na kutengenezwa baada ya siku mbili, kwa hiyo kwa mwaka inakaa siku 24 bila maji. Ya pili huharibika mara moja tu, lakini inakaa siku 60 kabla ya fundi kufika. Mhesabuji akitembelea siku yoyote ile, ana nafasi ya asilimia 93 ya kuikuta ya kwanza ikitoa maji na asilimia 84 ya kuikuta ya pili. Uwezekano mkubwa ni kwamba ataziandika zote mbili "inafanya kazi" na kuondoka. Kwa mama aliyerudi kuchota kwenye bwawa kwa miezi miwili, pampu hizo si sawa hata kidogo.

Kipimo kinachofaa, basi, ni siku ambazo pampu imekaa bila kutoa maji. Kinapimika, na kimeshapimwa jirani. Huko Kyuso, katika kaunti ya Kitui nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga ndani ya mipini ya pampu vifaa vinavyotuma taarifa kwa mtandao wa simu, na fundi akawa anajua pampu imesimama bila kusubiri barua ya kijiji. Ripoti yao ya 2014 inaonyesha wastani wa muda wa kurudisha maji ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3. Mwanafunzi wetu hana fedha za vifaa hivyo, lakini simu anayo, na mtunza pampu anayo. Kupiga simu mara moja kwa wiki kunatosha kujua pampu ilisimama lini na ilirudi lini, kwa makosa ya siku chache.

Sasa anaweza kuandika. Tamko lake lingesomeka hivi:

"Sera ya Taifa ya Maji (2002) ilimtaka kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400. Hata pale kituo kilipojengwa, huduma haidumu: uchambuzi wa vituo vya maji nchini ulikuta karibu asilimia 29 havifanyi kazi, na baada ya mwaka wa kwanza aina ya uongozi ilikuwa na uzito mkubwa kuliko hali ya ardhi (Joseph na wenzake, 2019). Katika nchi tatu za Afrika, kutolipia maji kulihusishwa na kufa kwa pampu za mkono (Foster, 2013). Hata hivyo, tafiti hizi zilitumia takwimu za ziara moja kwa kila kituo, kwa hiyo haziwezi kutenganisha pampu iliyokufa kwa kukosa fedha na pampu iliyokosa fedha kwa sababu imekufa. Kwa kukosa jibu hilo, jumuiya za watumia maji zinaelekezwa kubadili utaratibu wa malipo bila kujua kama mabadiliko hayo yatapunguza siku za kukosa maji. Utafiti huu unauliza: kati ya pampu za mkono zenye umri unaozidi mwaka mmoja na zinazotoa maji mwanzoni mwa utafiti, je, zile ambazo watumiaji hulipa kwa ndoo hukaa siku chache zaidi bila kutoa maji katika miezi 12 inayofuata kuliko zile ambazo watumiaji huchanga pampu inapoharibika, zikilinganishwa pampu za aina moja, umri unaokaribiana na umbali unaokaribiana kutoka kwa muuza vipuri?"

Ni aya moja, na kila sentensi ina kazi: kiwango kinachotakiwa, hali ilivyo, kinachojulikana, kisichojulikana na kwa nini, gharama ya kutokujua, swali. Sentensi ya gharama ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na ndiyo inayodai ushahidi wa karibu zaidi. Kabla ya kuiandika mwanafunzi aende ofisi ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019, aulize maelekezo ya malipo yaliyotolewa katika wilaya hiyo na ayataje kwa tarehe. Kama hakuna maelekezo ya aina hiyo, sentensi ifutwe.

Swali lenyewe linapimwa kwa njia rahisi: andika majibu yake kabla ya kukusanya chochote. Ikiwa pampu za kulipia kwa ndoo zitakaa siku chache zaidi bila maji, nadharia tete imesimama kwa sasa. Ikiwa siku zitalingana, au pampu za kuchanga zitashinda, imeanguka, na mwanafunzi lazima awe tayari kuliandika hilo kwenye sura ya matokeo. Swali la "changamoto" halina njia ya kuanguka. Mwanafunzi akisema hawezi kufikiria matokeo ambayo yangemfanya akiri kuwa hakuwa sahihi, arudi kuandika upya.

Swali hili nalo lina mipaka yake, na ni vema ijulikane mapema. Vijiji havikupangiwa utaratibu wa malipo kwa bahati nasibu. Kijiji kilichokubaliana kulipa kwa ndoo huenda tayari kilikuwa na umoja na uongozi bora, na vitu hivyo vingeilinda pampu hata bila malipo. Kufuata kwa mwaka kunatuonyesha kipi kilitangulia. Hakuondoi kivuli hicho, na hitimisho litaje hivyo. Kingine ni umri wa pampu. Katika takwimu za wizara nilizozitaja, vituo 20,709 vimeandikwa mwaka wa ujenzi 0, yaani zaidi ya theluthi. Nimeona uchambuzi uliozichukua sufuri hizo kama zilivyo, ukawa na pampu zenye umri wa miaka elfu mbili. Mwanafunzi asitegemee daftari. Aulize kijijini, na alinganishe na mambo yanayokumbukwa, kama mwaka wa uchaguzi au wa kujengwa shule.

Mtunza pampu naye ni binadamu. Akijua takwimu zinakwenda wilayani, anaweza kusema pampu nzima wakati imesimama tangu Jumanne. Ndiyo maana simu za kila wiki zisindikizwe na ziara chache za kushtukiza, na tofauti kati ya simu na ziara iandikwe wazi. Na kama pampu zilizopo wilayani ni chache, au karibu zote zina utaratibu mmoja wa malipo, ulinganisho haupo. Hilo ligunduliwe kwa siku mbili za kupitia orodha ya vituo kabla ya andiko kupelekwa chuoni, si mwezi wa nne wa utafiti. Likitokea, asibadili wilaya tu na kubakiza maneno. Arudi kwenye ushahidi aulize ni tofauti gani ya uongozi iliyopo hapo kweli, kama vile fundi aliyeko kijijini dhidi ya fundi anayetoka mjini.

Kwa wasimamizi na wajumbe wa kamati za maandiko nina ombi moja. Mwanafunzi akileta tamko lenye asilimia, mwambieni afungue chanzo mbele yenu, ukurasa wenye namba hiyo, asome ilihesabu nini, wapi na mwaka gani. Dakika kumi zinatosha. Akishindwa, andiko lirudi siku hiyohiyo, kabla ya bajeti, kabla ya dodoso, na kabla hajampigia simu mtunza pampu hata mmoja.